Jeni iliyokinga damu dhidi ya malale ndiyo inayoumiza figo

Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliona jambo ambalo hawakuweza kulieleza. Wagonjwa wenye asili ya Kiafrika walikuwa wakipoteza figo zao mapema zaidi na kwa wingi zaidi kuliko wengine, hata pale ambapo shinikizo la damu na kisukari havikutosha kuwa sababu. Wapo waliolaumu umaskini, wapo waliolaumu chakula, na wapo waliosema tu kwamba "ndivyo walivyo watu weusi". Mwaka 2010 jibu la sehemu kubwa ya fumbo hilo lilipatikana ndani ya jeni moja iitwayo APOL1. Chanzo cha jibu hilo hakikuwa Marekani. Kilikuwa katika mapambano ya kale kati ya binadamu na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o barani Afrika.

Uchambuzi huu unaangalia namna jeni hiyo inavyohusiana na ugonjwa mmoja wa figo, kwa nini si sahihi kuuita ugonjwa wa rangi ya ngozi, na maamuzi gani yanabadilika kwa mgonjwa, kwa ndugu anayetaka kumpa figo, na kwa nchi za Afrika Mashariki ambako mbung'o bado wapo.

Makovu ndani ya vichujio

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba sana ya damu, na kwa nje mishipa hiyo imekumbatiwa na seli zenye vidole vinavyopishana kama nyuzi za chujio la nazi. Seli hizo huitwa podosaiti. Kazi yake ni kuruhusu maji na taka zipite kuelekea kwenye mkojo, na kuzuia protini za damu zisipotee. Mwili hauna uwezo wa maana wa kutengeneza podosaiti mpya. Seli ikifa na kung'oka, pengo hubaki, na mwili huliziba pengo hilo kwa kovu.

Makovu yanapoonekana katika baadhi tu ya vichujio, tena katika sehemu tu ya kila kichujio kilichoathirika, madaktari huiita hali hiyo glomeruloskelerosisi ya baadhi na ya sehemu. Katika majibu ya maabara huandikwa kwa kifupi FSGS. Ni vyema kufahamu kwamba jina hili hueleza kile kinachoonekana kwa hadubini, na halitaji sababu. Makovu ya namna hiyo yanaweza kutokana na kinga ya mwili inayoshambulia podosaiti, na unene uliokithiri, na baadhi ya dawa, na virusi, au na jeni. Ndiyo maana watu wawili wenye jibu lilelile la maabara wanaweza kuhitaji matibabu tofauti kabisa.

Dalili za mwanzo ni chache. Mkojo hutoa povu jingi lisilotoweka haraka, kwa sababu una protini. Protini ikiendelea kupotea, maji hutoka ndani ya mishipa na kujaa mwilini, hivyo miguu na kope huvimba, hasa kope asubuhi. Wengi hufika hospitalini wakati huo. Wengine hawavimbi kabisa, na hugundulika siku wanapopimwa mkojo kwa sababu nyingine, au siku figo zinapokuwa zimekwisha kuchoka.

Mbung'o, vimelea na bei ya kinga

Jeni ya APOL1 huagiza mwili utengeneze protini inayoelea katika damu. Ni kinga ya pekee, kwa kuwa binadamu anayo pamoja na jamaa zake wachache tu katika jamii ya nyani. Kimelea cha tripanosoma kinapoingia katika damu, huimeza protini hiyo pamoja na mafuta kinayojilisha. Ikishafika ndani ya kimelea, protini hutoboa utando wake, chumvi na maji hupita ovyo, na kimelea huvimba mpaka kupasuka. Hii ndiyo sababu ng'ombe hufa kwa nagana huku mfugaji aliyeumwa na mbung'o walewale akibaki salama.

Hata hivyo, vimelea navyo vilipata ujanja. Aina mbili za tripanosoma zilijifunza kuikwepa kinga hiyo, na ndizo zinazoleta malale kwa binadamu. Aina ya gambiense hupatikana Afrika Magharibi na ya Kati. Aina ya rodesiense hupatikana Afrika Mashariki na Kusini, zikiwemo Tanzania, Malawi na Zambia. Uganda ni nchi pekee yenye aina zote mbili. Kimelea cha rodesiense hutengeneza protini iitwayo SRA, ambayo huishika protini ya APOL1 kwenye mkia wake na kuifunga isifanye kazi.

Katika miaka elfu kumi iliyopita au karibu na hapo, mabadiliko mawili madogo yalijitokeza kwenye mkia huohuo wa jeni. Wanasayansi wameyaita G1 na G2. Katika G1, viungo viwili vya protini vimebadilishwa na vingine. Katika G2, viungo viwili vimepotea kabisa. Umbo la mkia lilipobadilika, SRA ikashindwa kuushika barabara, hasa kwa mwenye G2. Aliyerithi kibadala kimoja tu alikuwa na silaha mpya, akaishi, akazaa, na watoto wake wakakirithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nchini Uganda watu wenye G2 walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, takriban mara tano, wa kuugua malale ya rodesiense. Huko Guinea, watu wenye G1 waliopata kimelea cha gambiense walielekea zaidi kubaki nacho bila kuugua.

Anayeujua ugonjwa wa selimundu ataona mfanano. Mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, na mwenye jeni mbili huugua. Kwa APOL1 pia, nakala moja ya kibadala inatosha kuleta kinga, na madhara makubwa huonekana zaidi kwa aliyerithi nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Zinaweza kuwa G1 mbili, G2 mbili, au moja ya kila aina.

Kwa nini figo? Kwa sababu podosaiti nazo hutengeneza protini ya APOL1 kwa matumizi yake zenyewe. Protini ya kawaida haizidhuru. Lakini protini ya G1 na G2, inapotengenezwa kwa wingi, hutoboa utando wa seli yenyewe kama inavyotoboa kimelea. Chumvi ya potasiamu huvuja, seli huelemewa na kufa. Silaha iliyonolewa dhidi ya adui hugeuka na kumkata mwenyewe.

Uhusiano huu ulielezwa mwaka 2010 na makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Martin Pollak wa Boston akishirikiana na Etienne Pays wa Brussels, na jingine likiwa la Karl Skorecki wa Haifa. Miaka miwili kabla, tafiti zilikuwa zimenyoosha kidole kwa jeni jirani iitwayo MYH9, iliyopo kwenye kromosomu ileile ya 22. Ikabainika kwamba jeni hizo mbili hurithiwa pamoja mara nyingi kwa kuwa zimekaa jirani, na kwamba kosa halikuwa la MYH9.

Nakala mbili, si rangi ya ngozi

Hapa ndipo uelewa mwingi unapopotoka. Kwa kuwa vibadala hivi vilizaliwa Afrika, ni rahisi kusema kwamba Waafrika wana figo dhaifu. Takwimu hazisemi hivyo. Nchini Ghana na Nigeria vibadala vimeenea sana. Utafiti ulioongozwa na Rasheed Gbadegesin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha zaidi ya watu 8,000 wa nchi hizo mbili, ulikuta takriban asilimia 30 wana nakala mbili. Miongoni mwa Wamarekani weusi, ambao wengi wao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, wenye nakala mbili ni takriban asilimia 13. Nchini Ethiopia vibadala hivyo ni adimu mno kiasi cha kutoonekana katika sampuli zilizopimwa. Afrika Mashariki ipo katikati, kwa kiwango cha chini kuliko Magharibi, na kwa tofauti kubwa kutoka jamii moja hadi nyingine.

Kwa hiyo Mwethiopia na Mnigeria wanaoishi mtaa mmoja huko Minneapolis, wote wakiandikwa "mweusi" katika fomu ya hospitali, wana hatari mbili tofauti kabisa. Fomu hiyo haiwezi kuzitofautisha. Kipimo cha jeni kinaweza.

Kasoro ya kutumia rangi badala ya kipimo imekuwa na gharama inayoweza kuhesabika. Uwezo wa figo hukadiriwa kwa kupima kreatinini katika damu, kisha namba hiyo kuingizwa kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia. Kwa miaka mingi hesabu iliyotumika Marekani, na kuigwa na maabara za nchi nyingine, iliongeza jibu kwa asilimia 16 iwapo mgonjwa ni mweusi. Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa figo nchini humo vilipendekeza kipengele cha rangi kiondolewe. Namna kilivyoathiri wagonjwa itaonekana katika mfano unaofuata hapa chini.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kuwa na nakala mbili si hukumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulikuta kwamba wenye nakala mbili wana uwezekano wa kupata FSGS ulio mkubwa takriban mara 17 kuliko wengine. Namba hiyo inatisha, mpaka msomaji atazame upande wa pili wa utafiti huohuo, ambao ulikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye nakala mbili na wasio na virusi vya Ukimwi, ni takriban wanne tu watakaopata FSGS maishani. Hatari iliyozidishwa mara nyingi inaweza kubaki ndogo ikiwa ilikuwa ndogo sana tangu mwanzo.

Utafiti wa Ghana na Nigeria uliongeza mambo mawili. Kwanza, ongezeko la hatari huko lilikuwa dogo kuliko lile la Marekani, kwani wenye nakala mbili walikuwa na uwezekano wa FSGS uliozidi kwa asilimia 84. Pili, hata wenye nakala moja walikuwa na ongezeko, la takriban asilimia 61. Mafundisho ya zamani kwamba nakala moja haina madhara yoyote yamelazimika kulegezwa. Tofauti kati ya Marekani na Afrika Magharibi nayo inadokeza kwamba jeni haifanyi kazi peke yake.

Kichocheo cha pili

Ikiwa wengi wenye nakala mbili hawaugui, basi lazima kuwe na kitu kinachowasha moto. Kinachofahamika vizuri zaidi ni virusi vya Ukimwi. Mwili unaposhambuliwa na virusi, hutoa kemikali za kinga ziitwazo intaferoni, na kemikali hizo huiamuru jeni ya APOL1 ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Kwa aliye na jeni ya kawaida, hilo ni jambo jema. Kwa aliye na G1 au G2 mbili, podosaiti hujaa protini inayozitoboa.

Utafiti uleule wa 2011 ulikadiria kwamba nusu ya watu wenye nakala mbili wanaoishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu watapata ugonjwa mkali wa figo unaotokana na virusi hivyo, ambao ni ndugu wa karibu wa FSGS na unaoweza kumaliza figo ndani ya miezi. Kutoka wanne katika mia hadi hamsini katika mia, kwa jeni ileile, ni tofauti inayoletwa na kirusi kisichotibiwa. Nchini Ethiopia, watafiti waliowachunguza watu wenye virusi vya Ukimwi hawakuukuta ugonjwa huo wa figo, jambo linaloafikiana na kutokuwepo kwa vibadala.

Hii ina maana nzito kwa ukanda wetu. Dawa za kufubaza virusi hupunguza sana hatari hii. Kwa mtu mwenye nakala mbili ambaye hata hajui kwamba anazo, kidonge cha kila siku cha kufubaza virusi ni kinga ya figo pia. Kinyume chake, ugavi wa dawa hizo ukikatika, figo za watu hawa zitakuwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia. Vichocheo vingine vilivyothibitika ni matibabu ya sindano za intaferoni na, kwa baadhi ya wagonjwa, maambukizi ya Uviko-19.

Mfano wa kijana na ndugu zake

Ili kuona yote haya yanavyokutana, tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye vipimo vya kawaida kwa ugonjwa huu. Kijana wa kiume wa miaka 27 anafika kliniki akiwa na miguu iliyovimba kwa wiki tatu na mkojo wenye povu. Shinikizo lake la damu ni 150 kwa 95. Kijiti cha kupimia mkojo kinabadilika rangi kuonyesha protini nyingi. Kipimo kamili kinaonyesha anapoteza gramu 4 za protini kwa siku, wakati mtu mzima mwenye afya hapotezi zaidi ya takriban gramu 0.15. Kreatinini yake ni maikromoli 150 kwa lita. Sukari ni ya kawaida, na vipimo vya virusi vya Ukimwi na homa ya ini havikuonyesha maambukizi.

Kwa hesabu ya sasa isiyo na rangi, figo zake zinachuja takriban mililita 56 kwa dakika. Kwa hesabu ya zamani, baada ya kuongezewa asilimia 16 kwa kuwa ni mweusi, jibu lingekuwa takriban 63. Mpaka unaotumika kusema kwamba uwezo wa figo umeshuka kwa kiwango cha kutia wasiwasi ni 60. Damu ileile, kreatinini ileile, lakini hesabu moja inamweka upande wa hatari na nyingine inamtuliza. Kwa mgonjwa huyu protini ingemfichua hata hivyo. Kwa mwingine aliyepimwa kreatinini peke yake, miaka ingeweza kupita.

Hatua inayofuata ni kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukitazama kwa hadubini. Jibu linakuja: FSGS. Sasa daktari ana swali gumu. Ikiwa chanzo ni kinga ya mwili iliyoasi, dawa ya prednisoloni kwa dozi kubwa kwa wiki nyingi inaweza kumponya. Ikiwa chanzo ni kingine, dozi hiyo itamletea kisukari, mifupa dhaifu na maambukizi bila faida. Hadubini ya elektroni husaidia kutofautisha, lakini ni vituo vichache mno katika ukanda huu vyenye chombo hicho. Kipimo cha APOL1, kinachofanywa kwa damu au mate, huongeza kipande cha ushahidi. Hakiamui peke yake, kwa sababu baadhi ya wenye nakala mbili wameonekana kunufaika na dawa za kutuliza kinga. Lakini jibu la nakala mbili humwonya daktari kwamba ugonjwa huenda ukasonga haraka, na kwamba asing'ang'anie prednisoloni miezi na miezi ikiwa protini haipungui.

Yapo matibabu yasiyosubiri jibu la jeni. Dawa za shinikizo za kundi la enalapri na losatani hupunguza protini inayovuja na kuwapunguzia vichujio mzigo. Kupunguza chumvi huzifanya zifanye kazi vizuri zaidi. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kiholela madukani, huumiza figo zilizokwisha kudhoofika na zinapaswa kuepukwa.

Tuseme kijana huyu amekutwa na nakala mbili, na baada ya miaka kadhaa figo zimefika ukingoni. Ndugu watatu wanajitokeza kumpa figo. Hapa hesabu ya urithi inaingia nyumbani. Ikiwa kila mzazi ana nakala moja, kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala mbili kama mgonjwa, nafasi mbili kati ya nne za kuwa na moja, na nafasi moja kati ya nne ya kutokuwa nayo kabisa. Kaka wa miaka 24, mzima wa afya, mwenye damu inayolingana, anaweza kuwa amebeba hatari ileile bila dalili yoyote.

Uzoefu wa upandikizaji umefundisha kwamba kinachohesabika ni jeni za figo yenyewe, na si za mwili uliyoipokea. Figo kutoka kwa mtoaji mwenye nakala mbili huelekea kushindwa mapema zaidi, popote ipandikizwapo. Mgonjwa mwenye nakala mbili akipewa figo isiyo na vibadala, figo hiyo hudumu kama kawaida, kwa kuwa podosaiti zake hutengeneza protini isiyodhuru. Na mtoaji naye yumo hatarini, kwani tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watoaji walio hai wenye nakala mbili hupoteza uwezo wa figo iliyobaki kwa kasi zaidi. Kumkubali kaka huyu bila kumpima kunaweza kuzaa wagonjwa wawili mahali pa mmoja.

Suala hili si la Marekani pekee. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na katika Afrika Mashariki figo hizo hutolewa kwa kawaida na ndugu walio hai. Lakini lina upande wa pili. Kuwakataa wote wenye nakala mbili, hata mzee wa miaka 58 ambaye figo zake zimebaki salama muda wote huo, kunaweza kumnyima mgonjwa nafasi pekee aliyonayo. Umri wa mtoaji una uzito, kwa sababu aliyefika utu uzima mkubwa bila protini katika mkojo ameshavuka sehemu kubwa ya hatari. Kijana wa miaka 24 bado hajaivuka.

Dawa mpya, na swali la Afrika Mashariki

Kuijua jeni kumefungua njia ya dawa. Hoja yake ya msingi ilitokana na mwanamume mmoja wa India aliyeugua baada ya kuambukizwa tripanosoma ya wanyama, isiyompata binadamu kwa kawaida. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2006 ilieleza kwamba alizaliwa bila protini ya APOL1 inayofanya kazi. Damu yake haikuwa na silaha, lakini figo zake zilikuwa nzima. Somo lilikuwa wazi: figo haihitaji APOL1. Inayodhuru ni protini iliyobadilika, na si upungufu wa protini. Kwa hiyo kuizima kunaweza kuiokoa figo.

Kampuni ya Vertex ya Marekani ilitengeneza kidonge kiitwacho inaksaplini, kinachoziba tundu linalotobolewa na protini hiyo. Matokeo ya jaribio dogo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa 13 wa FSGS wenye nakala mbili, protini kwenye mkojo ilipungua kwa wastani wa asilimia 47.6 baada ya wiki 13. Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha, na kupungua kwa protini si sawa na figo kudumu miaka mingi. Ndiyo sababu jaribio kubwa zaidi lilianzishwa, likilinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa, kwa watu wenye nakala mbili na protini katika mkojo.

Kwa mkazi wa Boston, kuizima APOL1 hakuna hasara inayoonekana, kwani huko hakuna mbung'o. Kwa mkazi wa pembezoni mwa mbuga huko Tanzania au kusini mashariki mwa Uganda, hesabu ni nyingine. Protini hiyo ndiyo inayomkinga dhidi ya tripanosoma za ng'ombe na wanyamapori. Mhindi yule ni ushahidi wa kile kinachoweza kutokea kinga ikikosekana. Hivyo dawa ikija kuidhinishwa, mamlaka za dawa za ukanda huu zitalazimika kuuliza swali ambalo wenzao wa Ulaya na Marekani hawana haja ya kuliuliza: je, mgonjwa anayetumia kidonge hiki na kuishi kwenye eneo la mbung'o afuatiliwe vipi? Jibu linahitaji majaribio yanayowahusisha watu wa maeneo hayo.

Kinachowezekana leo

Kwa sasa hakuna sababu ya kila mtu mwenye asili ya Kiafrika kukimbilia kipimo cha APOL1. Kwa mtu mzima wa afya, jibu la nakala mbili lingempa hofu na lisimpe dawa. Kipimo kina thamani pale kinapobadilisha uamuzi: kwa aliyekwisha kugundulika na FSGS, kwa ndugu anayetaka kutoa figo, na kwa anayetaka kuingia katika majaribio ya dawa.

Kilicho karibu na watu wengi zaidi ni kijiti cha kupimia mkojo, kilekile ambacho wajawazito hupimwa nacho katika zahanati. Hakisomi jeni, lakini huona protini ikivuja miaka kabla miguu haijavimba, bila kujali mgonjwa amerithi nini. Kwa familia ambayo mmoja wao amepoteza figo akiwa kijana bila kisukari, na kwa kila anayeishi na virusi vya Ukimwi, kukitumia mara moja kwa mwaka pamoja na kipimo cha shinikizo la damu ndiyo njia ya kumkuta mgonjwa wakati vichujio vyake vingi bado havijapata kovu. Wakati huo dawa za shinikizo zilizopo tayari madukani zina kitu cha kuokoa.